Chandarua kilichopotea kwenye kompyuta

Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Kilifi, pwani ya Kenya. Baadhi ya maeneo yalikuwa yamepewa vyandarua vyenye dawa na mengine hayakupewa, kisha watafiti wakawafuatilia wanawake wenye mimba ya kwanza ili kuona kama chandarua kinawapunguzia malaria na upungufu wa damu. Jibu halikumfurahisha mtu. Tofauti kati ya waliokuwa na vyandarua na wasiokuwa navyo ilikuwa ndogo mno kuweza kusemwa kwa uhakika kwamba ni kazi ya chandarua.

Miaka mitano baadaye, mwaka 2003, ukachapishwa utafiti mwingine kutoka magharibi ya Kenya, kwenye eneo ambalo malaria haipumziki mwaka mzima. Huko mambo yalikuwa tofauti: wanawake wenye mimba ya kwanza hadi ya nne walinufaika waziwazi, lakini waliokuwa wameshavuka hapo hawakuonekana kupata faida hiyo.

Sasa tumchukue mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayeandaa mapitio ya machapisho kuhusu vyandarua na wajawazito. Akiupata utafiti wa magharibi na kuukosa ule wa pwani, ataandika kwa kujiamini kwamba chandarua humkinga mjamzito popote alipo. Hatakuwa amedanganya wala kuwa mvivu. Atakuwa tu ameandika maneno fulani kwenye kisanduku cha kutafutia, kompyuta ikamletea kilichokuwa na maneno hayo, naye akaamini kwamba hakuna kingine.

Na kuukosa utafiti wa Kilifi ni rahisi kuliko mtu anavyodhani. Kichwa chake cha Kiingereza hakina neno `mosquito`. Hakina neno `net` likiwa peke yake, kwa kuwa waandishi waliandika `bednets`, neno moja lililoungana. Hakina `pregnant` wala `pregnancy`. Wao walisema `primigravid women`, msamiati wa kiganga wenye maana ya wanawake wenye mimba ya kwanza. Hata nchi haikutajwa kwa jina lake kamili, maana kichwa kinaishia na `Kenyan coast`, na kwa kompyuta `Kenya` na `Kenyan` ni maneno mawili tofauti kama vile kiti na meza. Mwanafunzi wetu akitafuta kwenye vichwa vya makala kwa mstari ufuatao, ambao kwa jicho la haraka hauna kasoro yoyote, Kilifi haitatokea kamwe:

```
mosquito[ti] AND net*[ti] AND pregnan*[ti] AND Kenya[ti]
```

Mstari huo una kasoro nyingine pia, ambayo tutaifikia. Kwanza tuangalie hilo neno `AND` lililokaa katikati.

Aliyeleta mtindo huu wa kufikiri hakuwahi kuiona kompyuta. George Boole alizaliwa mwaka 1815 mjini Lincoln, Uingereza, mtoto wa fundi viatu, na sehemu kubwa ya elimu yake alijifundisha mwenyewe. Akawa profesa wa hisabati huko Cork, Ayalandi, na mwaka 1854 akatoa kitabu kilichojaribu kuzigeuza kanuni za fikra kuwa hesabu, ambamo makundi ya vitu yanaunganishwa, yanatengwa na kupunguzwa kama namba zinavyofanyiwa. Karibu miaka mia moja na zaidi baada yake, watengenezaji wa kanzidata walipohitaji njia ya kuiambia mashine “nipe hiki lakini si kile”, hesabu ya Boole ilikuwa tayari inawasubiri. Ndiyo maana viunganishi vitatu, `AND`, `OR` na `NOT`, hubeba jina lake hadi leo.

Viunganishi hivyo vinaonekana vyepesi kwa sababu vinafanana na maneno ya kila siku, na hapo ndipo vinapowanasa watu. Mshereheshaji akisimama ukumbini na kusema “walimu na wauguzi wasimame”, walimu wote watasimama na wauguzi wote watasimama. Hiyo “na” yetu ya mdomoni imeongeza watu. Lakini `AND` ya kanzidata haiongezi, inapunguza. Ukiiambia mashine `teacher AND nurse`, atasimama yule tu aliye mwalimu na papo hapo ni muuguzi, yaani pengine ukumbi mzima atasimama mtu mmoja, au asisimame yeyote. Alichokitaka mshereheshaji kwa lugha ya mashine ni `OR`: awe mwalimu, awe muuguzi, asimame.

Kwa hiyo kila `AND` unayoiongeza ni mlango mwingine ambao makala inatakiwa kupita. Milango minne, na makala ya Kilifi ilikwama kwenye yote minne.

Wakutubi waliozoea kazi hii hawaanzi kwa kuandika mstari. Huanza na karatasi na kalamu, wakaligawa swali katika vipande. Swali la mwanafunzi wetu lina vipande vitatu: ugonjwa, ambao ni malaria, watu, ambao ni wajawazito, na kitu kinachopimwa, yaani chandarua. Chini ya kila kipande huorodheshwa kila namna ambayo mwandishi mwingine, mahali pengine, mwaka mwingine, angeweza kukiita kitu hicho hicho. Maneno ya safu moja huunganishwa kwa `OR`, kwa kuwa lolote kati ya hayo linatosha. Safu na safu huunganishwa kwa `AND`, kwa kuwa makala inatakiwa ihusu vyote vitatu.

Safu ya chandarua ndiyo yenye vituko. Zitazame tafiti nne zinazojulikana sana za majaribio ya vyandarua kwa wajawazito. Ule wa Thailandi wa mwaka 1993 uliandika `bed nets`, maneno mawili. Kilifi 1998 na Ghana 2001 waliandika `bednets`, neno moja. Magharibi ya Kenya 2003 wakarudi kwenye maneno mawili, lakini badala ya kusema chandarua “chenye kiuatilifu” kama wengine walivyosema, wakaitaja dawa yenyewe: `permethrin-treated`. Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne ulioweka `mosquito net` kwenye kichwa chake, ingawa hilo ndilo neno la kwanza ambalo Mswahili anayejua Kiingereza angeliandika. Halafu kuna vifupisho, `ITN` na `LLIN`, ambavyo waandishi wa miaka ya karibuni wanavipenda kuliko maneno kamili.

Hapa kinyota hufaa. Katika kanzidata nyingi, kinyota kilichowekwa mwishoni mwa shina la neno humaanisha “na lolote linalofuata”. `pregnan*` italeta `pregnant`, `pregnancy` na `pregnancies` kwa mkupuo. `primigravid*` itaushika ule wa Kilifi. Ila kinyota kina tabia ya mtoto aliyetumwa dukani na pesa nyingi: kinarudi na vitu ambavyo hukukiagiza. Anayeandika `mala*` akidhani amejirahisishia kazi ya kuandika malaria atapata pia Malawi na Malaysia, pamoja na kila makala iliyotaja `malaise`, ule uchovu wa mwili wa mgonjwa. Shina sahihi ni `malari*`. Na `net*` ingeleta mitandao, `network`, pamoja na nchi nzima ya Uholanzi, `Netherlands`. PubMed, kanzidata kubwa ya tiba inayoendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani na iliyo wazi kwa yeyote bila malipo tangu 1997, hudai angalau herufi nne kabla ya kinyota, na hiyo ndiyo kasoro ya pili ya mstari wa mwanafunzi wetu. Hata neno `net` bila kinyota lina utundu wake, kwa sababu kwa Kiingereza humaanisha pia kiasi halisi baada ya makato. Makala inayozungumzia faida halisi ya dawa fulani itaingia kwenye wavu wako wa vyandarua bila kubisha hodi.

Anayetafuta maandiko ya Kiswahili, kwa mfano kwenye hazina za tasnifu za vyuo vikuu ambamo kazi za lugha na fasihi huandikwa kwa Kiswahili, atagundua jambo la kuchekesha kuhusu kinyota. Kilibuniwa kwa ajili ya lugha ambazo maneno yake hubadilika mkiani. Yetu hubadilika kichwani. Chandarua kikiongezeka ni vyandarua. Mjamzito akipata wenzake ni wajawazito. Hakuna shina la mbele linaloshikika, na PubMed, kama kanzidata nyingine kadhaa, haikubali kinyota mwanzoni mwa neno. Dawa ni kuandika umoja na wingi kwa ukamilifu na kuviunganisha:

```
(chandarua OR vyandarua) AND (mjamzito OR wajawazito)
```

Na hapo bado hujawakumbuka walioandika “mama mja mzito” kwa nafasi katikati, au “wanawake wenye mimba”.

Tukirudi kwenye Kiingereza, kuna msaada ambao wengi hawaujui kwa sababu umefichwa nyuma ya neno lisilovutia. Tangu 1960 Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ina orodha ya vichwa vya mada, kwa kifupi MeSH. Kila makala inayoingia kwenye sehemu kuu ya PubMed hubandikwa vichwa hivyo kulingana na inachokizungumzia, mwandishi awe ametumia maneno gani. Ni kama mkutubi anayekipokea kitabu, akakifungua, kisha akakipeleka kwenye rafu yake bila kujali jalada limeandikwa nini. Vichwa hivyo vimepangwa kama ukoo: ukitafuta `"Africa, Eastern"[Mesh]`, mashine itawaita na watoto wake, Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na wengineo, bila wewe kuwataja mmoja mmoja. Kwa njia hiyo `Kenyan coast` haipotei tena.

Kwa nini basi mtu asitumie vichwa hivyo peke yake na kuachana na hekaheka za maneno? Kwa sababu vichwa navyo vina umri. Makala mpya inaweza kuonekana kwenye kanzidata kabla haijabandikwa chochote. Na vichwa huzaliwa kwa kuchelewa: siku hizi kuna kichwa maalumu cha `Insecticide-Treated Bednets`, lakini hakikuwapo wakati utafiti wa Kilifi unachapishwa. Tafiti nyingi za vyandarua za miaka ile ziliwekwa chini ya `Bedding and Linens`, yaani matandiko ya kitanda, pamoja na mashuka na mito. Aliyezaliwa juzi hawezi kukisia hilo. Ndiyo maana safu iliyotengenezwa vizuri huwa na vyote viwili, maneno huru ya waandishi na vichwa vya wakutubi, vikiunganishwa kwa `OR`.

Hivi ndivyo utafutaji wa mwanafunzi wetu unavyoweza kuonekana kwenye PubMed baada ya hatua hizo. Alama `[tiab]` huiambia mashine itazame kichwa cha makala na ikisiri yake tu:

```
#1 malari*[tiab] OR "Malaria"[Mesh]

#2 pregnan*[tiab] OR primigravid*[tiab]
   OR multigravid*[tiab] OR antenatal[tiab]
   OR "Pregnancy"[Mesh]

#3 bednet*[tiab] OR "bed net"[tiab]
   OR "bed nets"[tiab] OR "mosquito net"[tiab]
   OR "mosquito nets"[tiab] OR "treated net"[tiab]
   OR "treated nets"[tiab] OR ITN[tiab]
   OR ITNs[tiab] OR LLIN[tiab] OR LLINs[tiab]
   OR "Mosquito Nets"[Mesh]
   OR "Insecticide-Treated Bednets"[Mesh]
   OR "Bedding and Linens"[Mesh]

#4 #1 AND #2 AND #3
```

Kila safu hutafutwa kivyake kwenye ukurasa wa `Advanced`, ikapewa namba, kisha zikaunganishwa mwishoni. Si lazima kufanya hivyo, lakini anayeandika yote kwa mkupuo mmoja hujiweka karibu na kosa ambalo pengine ndilo linaloharibu mapitio mengi kuliko yote: kusahau mabano.

Hebu mtu aandike `pregnancy AND bednet OR net` bila mabano. PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Itakusanya kwanza makala zenye ujauzito na chandarua, halafu itazijumlisha na kila makala duniani yenye neno `net`, iwe ya mjamzito, iwe ya samaki, iwe ya hesabu za hospitali. Akigeuza mpangilio na kuandika `bednet OR net AND pregnancy`, PubMed itampa karibu na alichokitaka, kwa bahati tu. Lakini mstari huo huo akiupeleka kwenye Web of Science, ambako `AND` hushughulikiwa kabla ya `OR`, atapata makala zote za `bednet`, zenye wajawazito na zisizo nao, zikijumlishwa na zile chache zenye `net` na ujauzito kwa pamoja. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, majibu mbalimbali. Mabano, `(bednet OR net) AND pregnancy`, huondoa utata huo kila mahali.

Kosa la mabano lina dalili, na anayeijua huishtukia mapema. Idadi ya matokeo ya mwisho ikiwa kubwa kuliko idadi ya safu yoyote mojawapo kati ya zilizounganishwa kwa `AND`, kuna jambo limekwenda mrama, kwa sababu `AND` haiwezi kuzaa zaidi ya ilichopewa.

`NOT` inastahili kuogopwa zaidi. Mwanafunzi akiona matokeo yake yamejaa tafiti za watoto wadogo, kishawishi cha kwanza ni kuongeza `NOT child*` na kuona namba ikiporomoka. Anapumua. Lakini `NOT` haiulizi kama makala inahusu watoto. Inauliza kama neno limetajwa. Utafiti uliopima vyandarua kwa wajawazito na watoto pamoja, ambao nusu yake ni hasa anachokitaka, umetupwa. Kibaya zaidi, kinyota hicho kimebeba `childbirth`, yaani kujifungua, na `childbearing`, umri wa kuzaa. Ni tafiti ngapi za wajawazito zitakosa maneno hayo kwenye ikisiri? Ametupa mtoto, mama na mkunga kwa pamoja, wala mashine haikumwonya, kwa sababu kilichotupwa hakionekani.

Wataalamu wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaotengeneza mapitio ya tafiti za tiba, huitumia `NOT` kwa namna inayoonyesha jinsi wanavyoihofia. Wakitaka kuondoa tafiti za wanyama hawaandiki tu `NOT animals`, maana tafiti nyingi za binadamu zimebandikwa pia kichwa cha wanyama. Huandika hivi:

```
NOT (animals[mh] NOT humans[mh])
```

Ndani ya mabano kuna kundi la zile zenye wanyama lakini hazina binadamu, na ni kundi hilo pekee linaloondolewa. Utafiti wenye vyote viwili husalimika. Asiyehitaji kuondoa kitu kwa uhakika wa namna hiyo ni heri asome matokeo mia mbili ya ziada kwa macho yake.

Sasa mtu atajuaje kama utafutaji wake unafanya kazi? Wengi hupima kwa idadi: matokeo elfu ni mengi, matokeo ishirini ni machache. Idadi peke yake haisemi chochote. Kipimo chenye maana ni kuanza na makala chache unazozijua tayari kwamba ni sahihi, kisha kuangalia kama utafutaji umezinasa. Mwanafunzi wetu anazo zile nne. Si za kuokoteza: mwaka 2006 Cochrane ilichapisha mapitio kuhusu vyandarua vyenye dawa kwa wajawazito, yaliyokubali majaribio matano, manne kutoka Afrika kusini ya Sahara na moja kutoka Asia, na hizo nne zimo ndani yake.

Anazitafuta kwa vichwa vyao, anaziunganisha kwa `OR` na kuzipa namba, tuseme `#5`. Kisha anaandika `#5 NOT #4`. Hapa ndipo `NOT` inapokuwa rafiki, kwa sababu inamwonyesha zipi kati ya makala anazozijua hazimo kwenye utafutaji wake. Jibu likiwa sifuri, amezinasa zote. Ikibaki moja, anaifungua na kuisoma kama mpelelezi: imeandika chandarua kwa neno gani? Imemwitaje mjamzito? Imebandikwa vichwa gani? Neno lililokosekana linaingizwa kwenye safu yake, jaribio linarudiwa. Mbinu hiyo hiyo humsaidia kuamua kama neno jipya lina faida. Akijiuliza kama aongeze `voucher`, anatafuta makala zenye neno hilo ambazo hazimo kwenye safu ya zamani, anasoma kumi au ishirini za mwanzo, na kuamua.

Na kwa Tanzania, neno hilo si la kubahatisha. Kuanzia 2004 serikali iliendesha mpango wa Hati Punguzo, ambao ulimpa mjamzito hati kliniki akaenda kununulia chandarua dukani kwa bei nafuu. Watafiti walioandika kuhusu mpango huo mara nyingi walizungumza habari za hati, maduka na bei kuliko habari za ugonjwa. Mtu aliyeweka malaria kama mlango wa lazima anaweza kuwafungia nje baadhi yao. Kuna hoja nzuri ya kuiondoa safu `#1` kabisa, kwa kuwa chandarua cha mjamzito ni cha malaria hata pasipotajwa malaria. Matokeo yataongezeka na kazi ya kusoma itaongezeka. Ni uamuzi wa kibinadamu, na kanuni ya wakutubi wengi ni kwamba kipande kinachojieleza chenyewe kisigeuzwe mlango.

Mstari uliokamilika kwenye PubMed hauhamishiki kama ulivyo. Scopus haielewi `[tiab]`. Yenyewe hutaka `TITLE-ABS-KEY`. Google Scholar haitambui kinyota cha shina, hukata mistari mirefu, na hata ikikutangazia matokeo laki moja, haikuruhusu kuona zaidi ya elfu moja ya mwanzo. Inafaa kwa kuanzia na kwa kufuatilia nani alimnukuu nani, lakini si mahali pa kuegemeza mapitio yote. Majarida mengi ya Afrika hayamo PubMed kabisa, hivyo mwenye swali la Afrika Mashariki hupita pia African Journals Online na African Index Medicus, ambako visanduku vya kutafutia ni vyepesi na mstari unabidi ufupishwe uwe maneno mawili matatu.

Kuna pengo jingine ambalo hakuna kiunganishi kinachoweza kuliziba. Mwaka 2001, kwenye chuo kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, msichana wa miaka 24 aliyejitolea akiwa mzima wa afya alivutishwa dawa iitwayo heksamethoniamu katika jaribio la utafiti wa pumu. Mapafu yake yakaharibika, na tarehe 2 Juni akafariki. Mtafiti mkuu alikuwa ametafuta machapisho kabla ya kuanza, lakini PubMed ya wakati huo ilianzia mwaka 1966. Makala zilizoonyesha kwamba dawa hiyo, iliyokuwa ikitumika zamani kwa shinikizo la damu, inaweza kudhuru mapafu zilikuwa za miaka ya 1950. Zilikuwepo maktabani, kwenye karatasi. Mwezi uliofuata serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda karibu tafiti zote za binadamu ilizokuwa ikizigharamia chuoni hapo.

PubMed ya leo imerudi nyuma zaidi ya 1966 na ina rekodi zaidi ya milioni 35, lakini nyingi kati ya zile za kale hazina ikisiri. Kwa hizo, `[tiab]` husoma kichwa tu, na kichwa, kama tulivyoona Kilifi, kinaweza kunyamaza kuhusu jambo lenyewe. Hapo hubaki njia ya kizamani: kuchukua orodha ya marejeo ya kila makala nzuri uliyoipata na kuipitia kwa kidole, mstari kwa mstari.

Mapitio ya machapisho siku hizi hutakiwa kueleza utafutaji wenyewe kwa undani kiasi kwamba mtu mwingine aweze kuurudia. Mwongozo wa PRISMA-S, uliotolewa mwaka 2021, una vipengele 16 vya kuripoti, na kati ya hivyo ni jina la kila kanzidata, mstari kamili kama ulivyoandikwa, na tarehe ya siku uliyotafuta. “Nilitafuta PubMed kwa maneno malaria, vyandarua na wajawazito” haitoshi. Msomaji hawezi kujua mabano yalikaa wapi wala kama `primigravid*` ilikumbukwa.

Kwa hiyo kabla hujafunga kompyuta, ingia kwenye `Advanced`, nakili safu zote pamoja na idadi ya matokeo ya kila safu, uzibandike kwenye faili lako na uandike tarehe juu yake. PubMed huifuta historia ya utafutaji baada ya saa 8 za kukaa bila kutumika.